UZI: Jina moja, maana nne! Kamusi za majina zinanichanganya, mtoto akika yake Ijumaa

BabaK_Mbweni
Assalamu alaykum wadau. Mie nna binti kazaliwa juzi juzi tu, alhamdulillah yeye na mama yake wazima, na tumeshakubaliana toka zamani kuwa akiwa mtoto wa kike tutamwita Asia, jina la bibi yangu mzaa baba, marehemu, mtu wa Wete. Sasa jana shemeji yangu kaja na simu yake, kakaa barazani, kafungua apu ya majina ya watoto, kasoma kwa sauti mbele ya mama mkwe: "Asia, maana yake muasi." Khaa! Mama mkwe kanyamaza, mkikaa naye mtajua kunyamaza kwake ni kitu gani.

Basi nami nikaingia mtandaoni usiku ule ule. Apu ya pili inasema mponyaji, anayewatunza wanyonge. Ya tatu inasema mwenye huzuni. Na kuna saiti moja, naapa sitanii, imeandika "ufufuo". Nne hizo na jina moja herufi nne! Mama mkwe anataka Jamila sasa, na mke wangu kaanza kulegea. Hebu nisaidieni, hizi kamusi zinatoa wapi haya mambo na mtu atajuaje ipi ya kweli? Akika Ijumaa.

Chumvi_ya_Forodhani
Asia si bara kaka? Mwite Afrika basi yaishe 😂

Somo_Mwenyewe
Hongera baba K. Mimi naitwa Asia na nna miaka arubaini na ushee, huo utani wa bara nimeusikia toka darasa la kwanza, mwalimu wa jiografia kila akitundika ramani darasa zima linanigeukia mimi. Sijawahi kuasi kitu ila ndoa ya kwanza lol. Mwite mtoto jina la bibi yake na usiwe na wasiwasi.

Abu_Tahfidh
Wa alaykum salaam. Akhy, katika hili mama mkwe wako kakuzidi. Ipo hadithi sahihi, iko kwa Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Umar alikuwa na binti akiitwa Asiya na Mtume swalla Llahu alayhi wasallam akambadilisha jina akamwita Jamila. Ndio maana apu imeandika muasi, na ndio maana wamekwambia Jamila, hilo halikutoka hewani. Jina la bibi tunaliheshimu lakini sunna iko wazi. Badilisha mapema kabla hujaandikisha.

Mzee_wa_Fomu
Kubadilisha jina sio kazi, kama umeshachukua cheti cha kuzaliwa nenda na cheti halisi na vitambulisho vya wazazi wote wawili, usiende na kopi watakurudisha. Na uende asubuhi.

BabaK_Mbweni
Mzee wa Fomu ahsante ila sijauliza kubadilisha, cheti bado. Nauliza maana.

Abu Tahfidh hapo umenitisha kweli.

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Abu Tahfidh mwanangu, hadithi yako sahihi na iko hapo ulipoitaja, lakini umeipeleka kwa jina lisilokuwa lake. Nimesomesha Kiarabu miaka mingi na hili ni kosa ninaloliona kila siku, kwa sababu sisi Waswahili tunaandika majina ya Kiarabu kwa herufi za kizungu na hapo majina mawili mbalimbali yanakuwa kitu kimoja machoni.

Tazameni. Binti wa Umar jina lake ni hili: عاصية. Linaanza na ain, kisha alifu, kisha swadi. Hiyo ni ile ile "asi" tuliyonayo kwenye Kiswahili, kuasi, muasi, maasi. Jina la mke wa Firauni ni hili: آسية. Linaanza na alifu yenye madda juu yake, kisha sini. Hakuna ain, hakuna swadi. Kwa Mwarabu hayo hayakaribiani, ni kama mtu akwambie "paa" na "baa" ni neno moja. Kwetu sisi ain inamezwa, swadi inatamkwa sini, yote mawili yanatoka "Asia".

Na huyu mke wa Firauni Kur-ani imemtaja bila ya jina, tazama Suratut Tahrim aya ya 11, lakini jina lake limo kwenye hadithi iliyoko kwa Bukhari na Muslim, ile ya wanaume wengi waliokamilika na katika wanawake Maryam binti Imran na Asiya mke wa Firauni. Sasa mtu aseme jina hilo Mtume alilikataa? Alimtaja nalo kwa sifa.

Kwa hiyo baba K, hiyo apu ya "muasi" haikudanganya juu ya neno, ni kweli lipo neno la Kiarabu lenye maana hiyo. Imekudanganya kwamba ndilo jina la bibi yako, na hilo haina habari nalo.

Abu_Tahfidh
Jazakillahu khayran bi mkubwa. Nakubali kwenye herufi, nimefungua hadithi na kweli ni swadi. Lakini nitabaki na jambo moja, watu wa hapa hawasikii swadi wala sini, wanasikia "asi". Mtoto atabeba jina ambalo kwa sikio la Kiswahili lina uasi ndani yake.

Somo_Mwenyewe
Kwa sikio la Kiswahili lina "asia" la kumuasia mtu pia, yaani kumpa wasia. Marehemu bibi yangu akisema hivyo, "nakuasia mwanangu". Mie nimejichukulia hilo.

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Somo hilo tamu lakini ni neno la tatu hilo, linatoka kwenye wasia, wau yake imedondoka njiani. Usimpe shemeji yake baba K, atalitia kwenye apu 😄

Seif_wa_Chake
Haya mambo ya herufi nayajua kwa machungu. Mie mwanangu Said. Daftari la chuoni wamemwandika Sayyid, kisha mtu kanipa hongera eti tumekuwa masharifu. Said ni mwenye bahati njema, Sayyid ni bwana. Apu za majina ukiandika "Said" zinakupa yote mawili kwa mkupuo, "bwana, mwenye furaha".

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Na hapa Unguja hatukutakiwa kukosea hilo hata siku moja, maana tulikuwa na mtawala mwenye yote mawili, Seyyid Said bin Sultan, yule aliyefariki 1856. La kwanza cheo, la pili jina. Sini yao moja, lakini Said ina ain katikati na Seyyid haina.

BabaK_Mbweni
Subhanallah. Basi muasi ametoka. Zimebaki tatu, mponyaji, huzuni na ufufuo. Hizo nazo ni herufi mbalimbali?

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Hapana, hapa pana utamu wake. Mponyaji na huzuni zote zinaandikwa آسية hivyo hivyo, nukta kwa nukta. Kilichotofautiana ni mzizi.

Kamusi za Kiarabu hazipangi neno kama linavyoonekana, zinapanga kwa herufi za mzizi wake, tatu kwa kawaida. Mzizi wa alifu, sini na wau ni wa kutibu jeraha, na tabibu mwanamme anaitwa aasi, mwanamke aasiya. Mzizi wa alifu, sini na yaa ni wa kuhuzunika. Abu Tahfidh wewe unaihifadhi hii, Suratul Maida aya ya 26, "falaa ta'sa alal qawmil faasiqin", usiwahuzunikie. Ndio mzizi wenyewe, na mwanamke mwenye huzuni naye huitwa aasiya. Wau na yaa zikifika mwisho wa neno la namna hii zinageuka zote kuwa yaa, kwa hivyo mlango wa nje ni mmoja na ndani vyumba viwili. Na ukisoma Lisan al-Arab ya Ibn Mandhur utakuta cha tatu, aasiya kwa maana ya nguzo au jengo lililotiwa msingi madhubuti. Hicho apu zako hata moja haikukipata.

Ukitaka kuangalia mwenyewe na Kiarabu huna, ipo kamusi ya Lane, Kiarabu kwa Kiingereza, yule Muingereza aliyeanza kuichapisha 1863. Ni kubwa lakini iko bure, saiti ya ejtaal.net unaandika mzizi inakufungulia ukurasa wenyewe uliopigwa picha. Uzuri wa Lane ni kwamba kila maana anakutajia kaitoa kwenye kamusi gani ya Waarabu. Ubaya wake alifariki 1876 kafika herufi ya qaf, kilichobaki kikamaliziwa na mjukuu wa nduguye kwa vipande vipande tu. Neno likianza na kaf, lam, mim, nun na kuendelea, usishangae ukikuta ukurasa mwembamba, hiyo haimaanishi neno halina maana. Neno lako liko kwenye alifu, salama kabisa.

Fundi_Kompyuta_Darajani
Bi Mwalimu kamaliza kwenye lugha, mie niseme kwenye apu maana nishawahi kulipwa kutengeneza moja, sitaitaja. Nilipewa faili la majina elfu kadhaa, safu tatu tu, jina, jinsia, maana. Hakuna safu ya lugha, hakuna ya herufi za asili, hakuna ya katoa wapi. Nikamuuliza tajiri faili limetoka wapi akasema "mtandaoni". Majina yaliyoandikwa sawasawa tuliambiwa tuyaunganishe liwe moja na maana zake zitengwe kwa mkato. Sasa hiyo "bwana, mwenye furaha" ya Seif mie najua ilivyozaliwa, huenda nimeizaa mwenyewe, nisamehe kaka.

Njia yangu ya kuzikamata ni hii, unakopi sentensi ya maana kama ilivyo, unaibandika kwenye kutafuta ukiitia alama za kunukuu mwanzo na mwisho. Nimeifanyia ya baba K ile ya mponyaji wa wanyonge kwa Kiingereza chake, zikaja saiti kibao zimeandika maneno yale yale, mpaka koma mahali pasipotakiwa koma. Hizo usizihesabu kuwa ni mashahidi wengi, ni mtu mmoja anasema kwa midomo mingi. Na saiti ikikupa namba ya bahati na rangi ya bahati ya jina basi funga tu.

Chumvi_ya_Forodhani
Na ufufuo? Hii ndo naisubiri mie

Fundi_Kompyuta_Darajani
Ufufuo nimeufukuzia nusu saa nikaupata. Warusi wana jina Anastasia, linatokana na Kigiriki na maana yake kweli ni ufufuo, na kulifupisha wanasema Asya. Mtu kaona Asya, kaona Asia, kaunganisha. Na Wapoland nao wana Asia, kwao ni kifupi cha Joanna, kwa hivyo ukikutana na saiti inayosema Asia maana yake "Mungu ni mwenye neema" ujue imepitia Warsaw.

Chumvi_ya_Forodhani
Na bara?

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Jina la bara tumelipata kwa Wagiriki, na lilikotoka kabla ya hapo wataalamu wanabishana hadi leo. Ukiona kamusi ya majina imeandika "mashariki" au "jua kuchomoza" bila ya kutetereka, hayo ni mawazo ya upande mmoja yamegeuzwa hukumu. Bibi wa baba K hayamhusu.

BabaK_Mbweni
Sawa nimeelewa vizuri. Lakini bi mkubwa, nimesema muasi "ametoka", nitajuaje? Bibi kafariki na nyaraka zote alizoacha zimeandikwa Asia kizungu. Labda baba yake alimwita ile ya swadi bila ya kujua.

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Swali zuri sana hilo na ndilo la kuanza nalo, wengi hawaliulizi. Tafuta mahali jina lake lilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mtu aliyemjua. Cheti cha ndoa cha zamani cha kadhi, hati ya shamba au ya mirathi, au msahafu wa nyumbani, wazee walikuwa wakiandika tarehe za kuzaliwa watoto kwenye kurasa za mwanzo. Una mtu Wete?

BabaK_Mbweni
Nna ami yangu. Ngoja nimpigie.

BabaK_Mbweni
Jamani nimerudi. Ami kaninunia kwanza kwamba namtafuta nikiwa na shida tu, kisha kaenda kuutoa msahafu wa baba yake bibi kabatini, kanitumia picha watsapu. Ukurasa umeliwa na mchwa pembeni lakini orodha ipo, watoto sita, wino mweusi umegeuka rangi ya kahawa. Wa nne ni bibi. Nimeipandisha hapo chini. Mie naona alifu ina kitu juu kama wimbi, kisha meno matatu. Ndio sini hiyo?

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Ndio sini, na wimbi ndio madda. آسية, hakuna shaka katika kusoma.

Lakini nisiwe na haraka, maana wazee wetu wengine walikuwa wakiandika kwa sikio, swadi na sini wakizichanganya wao wenyewe. Kwa hivyo nimetazama majina mengine ya mkono ule ule. Mtoto wa kwanza Nassor, kaandika kwa swadi, ناصر, sawa. Wa tatu Salim, kaandika kwa sini, سالم, sawa. Wa mwisho Ali, na ain yake ipo. Na mwezi wa Safar kwenye tarehe ya pili kauandika kwa swadi inavyotakiwa. Huyu mtu alikuwa anajua anachokiandika, angetaka ain na swadi kwa bibi yako angezitia. Laiti ningekuta Nassor kwa sini ningekwambia ukurasa huu hautusaidii.

Somo_Mwenyewe
Nimesisimka wallahi. Wa nne katika sita.

BabaK_Mbweni
Mie machozi yamenilenga, sikujua hata kama ukurasa huu upo. Basi maana ni mponyaji au ni huzuni?

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Hapo msahafu hauwezi kukusaidia, na Lane wala Lisan hawawezi. Wanakwambia neno linaweza kubeba nini, hawakwambii babu yako alikusudia nini. Dhana yangu ni kwamba hakukusudia mponyaji wala huzuni, alimpa jina la yule bibi wa Firauni, kama watu wanavyomwita mtoto Maryam bila ya kutafuta maana ya Maryam. Na yule bibi alikuwa Misri, kwa hivyo huenda jina lake lenyewe si la Kiarabu kabisa, wapo waandishi wa kizungu wanaodhani limetokana na Asenathi, mke wa Yusuf katika Taurati yao, Mwanzo 41:45. Ikiwa ni hivyo basi mzizi wa kutibu na wa kuhuzunika Waarabu wameuona baadae kwa kuwa unafanana. Mimi sina hakika na hilo la Asenathi, herufi hazikai vizuri. Ila kamusi yoyote inayokwambia maana moja tu ya Asia kwa uhakika imeruka hatua.

Abu_Tahfidh
Mie nimeshakubali ni jina la mke wa Firauni na halina ubaya kisharia. Nakushauri tu ukimwandikisha uandike Asiya au Asya, ipunguze ile sauti ya asi.

Fundi_Kompyuta_Darajani
Asya ndo inampeleka Urusi sheikh 😂

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Kwa herufi za kizungu hakuna tahajia itakayoonyesha madda, chagua inayofanana na ya bibi. Ukitaka kumsaidia mtoto, fanya alichofanya baba yake bibi, liandike kwa Kiarabu mahali.

Mzee_wa_Fomu
Tahajia iangalieni kabla ya kutoka dirishani, ukishafika nyumbani imekuwa safari nyengine.

BabaK_Mbweni
Mrejesho. Nimemuonyesha mama mkwe ile picha, kaiangalia sana, kauliza msahafu uko wapi, nikamwambia Wete kwa ami. Kisha kasema "ukurasa umeliwa, mwambieni autie karafuu." Ndio hivyo, hakusema ndio wala siyo, lakini leo asubuhi nimemsikia anambembeleza mtoto "Asia wee, Asia". Shemeji kafuta apu. Ami anakuja Alkhamisi na boti, na msahafu anao, jina la mtoto ataandika yeye maana mwandiko wangu wa Kiarabu aibu tupu.

Seif_wa_Chake
Mashallah. Sasa na mie nna swali, mke wangu Zuhura, apu moja inasema nyota na nyengine inasema ua. Ipi?

Bi_Mwalimu_Mstaafu
Fungua uzi wako Seif. Na uje na herufi.